Friza yangu haigandishi barafu, fundi anataka kuongeza gesi

Shikamoo dada. Mimi nina friza ya kulala ya lita 300, nimenunua mpya miezi mitatu iliyopita, huku kwetu joto ni kali mwaka mzima na umeme haukatiki kwaiyo nikaona biashara ya barafu itanitoa. Kila jioni najaza vifuko 60 vya lita moja moja navipanga mpaka juu, pembeni nina samaki kama kilo 10 na juu kabisa naweka soda ili watu wakija wazikute za baridi. Shida ni kwamba asubuhi vifuko vya pembeni vimeganda nusu, vya katikati ni maji ya baridi tu. Samaki wamelegea hadi wameanza kutoa maji, soda mbili zilipasuka wiki iliyopita, na mashine inanguruma usiku na mchana haizimi hata dakika moja. Uniti za umeme zinaisha kama nini. Nimeita fundi akaniambia gesi imepungua anataka kuongeza, na mume wangu anasema tununue friza ya pili. Sijui nimsikilize nani, maana hela iliyobaki ni ya kufanya kitu kimoja tu. Naomba unisaidie dada yangu kabla mtaji haujaisha.

Mama wa friza moja

*

Marahaba mdogo wangu. Kwanza kabisa usimruhusu huyo fundi afungue chochote wiki hii. Gesi ya friza haitumiki ikaisha kama mafuta ya jiko, inazunguka humo humo kwenye mabomba yaliyofungwa miaka na miaka, ikipungua maana yake kuna mahali panavuja, na fundi anayeongeza gesi bila kukuonyesha panapovuja atarudi tena baada ya wiki chache kuongeza nyingine. Alafu kuna kipimo unaweza kufanya mwenyewe bure. Uza barafu yote uliyonayo, samaki wahamishie kwa jirani usiku mmoja, acha friza na vifuko viwili tu vya maji, funga usifungue mpaka asubuhi. Kama asubuhi vifuko vimekua jiwe na unasikia mashine inazima yenyewe inapumzika alafu inawaka tena, gesi yako ipo salama. Friza iliyopungukiwa gesi hata ikiwa tupu haizimi, na ukiangalia kuta zake kwa ndani unaona upande mmoja umeshika barafu na upande mwingine ni mkavu kabisa hauna hata unyevu. Ukiona hivo ndo uite fundi, tena ukiwa na risiti ya dukani mkononi maana friza ya miezi mitatu mara nyingi bado ipo kwenye warantii, na fundi wa mtaani akiifungua warantii inaweza kufa hapo hapo.

Ila kwa vile ulivyoeleza mimi naona friza yako ni nzima, imebebeshwa tu.

Nenda nyuma ya friza au ubavuni kuna lebo imebandikwa. Watu wengi wanaangalia lita tu, lita 300, wanafikiri friza ya lita 300 inagandisha lita 300. Lita ni nafasi ya kuhifadhia. Kuna namba nyingine ndogo imeandikwa kwa kilo kwa masaa 24, kg/24h, hiyo ndo inasema mashine inaweza kugandisha kilo ngapi za kitu chenye joto kwa siku nzima. Friza za kulala za saizi yako mara nyingi utakuta iko kwenye 15 mpaka 20 hivi, wewe angalia ya kwako. Tuseme imeandikwa 18. Na hiyo 18 mara nyingi imepimwa kwenye chumba cha nyuzi joto 25 ambapo hakuna mtu anafungua mfuniko kila dakika tano. Chumba chenye joto kama lako, na wateja wanagonga mlango, mimi huwa nahesabu theluthi mbili tu, yani kilo 12 kwa siku. Wewe umeweka kilo 60 kwa mkupuo. Hata kama mashine ingefanya kazi vizuri kabisa ni siku tano hizo, na wewe unafungua asubuhi unategemea imemaliza.

Tena naomba uelewe kwa nini barafu ni mzigo mzito hivo, maana ukishaelewa hili mengine yote unajipangia mwenyewe. Maji ya nyuzi 30 kushuka mpaka nyuzi 0 sio kazi kubwa. Yakishafika 0 hapo ndo kazi inaanza, yanakaa kwenye 0 masaa na masaa, ukishika kifuko unasikia baridi kali lakini ndani ni maji, kwa sababu maji ya nyuzi 0 ili yawe barafu ya nyuzi 0 lazima yanyang'anywe joto jingi sana, jingi kama lile la kutoa maji ya nyuzi 80 kuyaleta mpaka 0. Kwaiyo vile vifuko vyako vya katikati havina tatizo lolote, vipo kwenye foleni tu, vimefika 0 vinasubiri zamu. Na huku vinasubiri vinatoa joto lake kwa nani? Kwa samaki. Samaki alikua kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, umemzungushia kilo 60 za maji ya uvuguvugu, lazima alegee. Mimi samaki ndo wananitia wasiwasi kuliko barafu, maana barafu ikichelewa unapoteza mteja mmoja, samaki akilegea akaganda akalegea tena nyama inakua kama sponji na anaweza kumuumiza mtu tumbo. Wale walioanza kutoa maji usiwagandishe tena kuwauza. Kama bado wana vipande vya barafu ndani na hawana harufu, wapike leo leo nyumbani, na wakiwa wamelegea muda usioujua watupe, najua inauma.

Sasa kwaiyo una kilo 12 za baridi kwa siku, ichukulie kama mshahara, ukitumia huku kule zinapungua. Kila kitu cha uvuguvugu unachoingiza kinakatwa humo. Samaki mbichi asiyeganda anakatwa karibu sawa na maji maana sehemu kubwa ya nyama yake ni maji, kilo 5 za samaki mbichi umeshakula karibu nusu ya siku. Samaki au kuku uliyemnunua tayari ameganda jiwe na ukamfikisha nyumbani akiwa bado jiwe hakatwi karibu chochote, huyo unamhifadhi tu. Ndo maana nakushauri kama unataka kuendelea na samaki basi nunua walioganda tayari, beba na boksi lenye barafu, wafunge kwenye mifuko miwili miwili uwaweke chini kabisa upande mmoja, weka kapu au ubao kuwatenganisha, na vifuko vipya vya maji visiwaguse kabisa. Kuwatenganisha ni kwa ajili ya usafi pia, barafu ya kula haikai pamoja na maji ya samaki. Na hapo hapo kwenye usafi, kuganda hakuui vijidudu, vinalala tu alafu barafu ikiyeyuka kwenye glasi ya mtu vinaamka, kwaiyo maji ya barafu ya kula yachemshe, yaache yapoe kabisa kwenye chombo kilichofunikwa ndo ufungashe. Kuingiza maji ya moto kwenye friza ni kujiibia mwenyewe, hewa ya nje inakupozea bure.

Soda zina hesabu yake na hapa watu wengi wanakosea kwa upande wa pili. Soda haihitaji kuganda, inahitaji kushuka kutoka 30 mpaka kama 4, na hiyo kazi ni ndogo. Chupa 24 za nusu lita ni lita 12 lakini kwa friza ni sawa na kugandisha kilo 3 tu za barafu. Kosa sio kuweka soda kwenye friza, kosa ni kuziacha humo. Ikilala usiku kucha inaganda, maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9, chupa haivimbi, inapasuka. Na pia kila mteja wa soda anayekuja unafungua mfuniko kwa ajili yake, hewa ya joto yenye unyevu inaingia, unyevu unashika kwenye kuta unakua theluji, na theluji ni kama blanketi, inazuia baridi ya ukutani isifike kwenye vifuko. Kwaiyo fanya hivi: soda zinaingia 12 kwa wakati, za plastiki au kopo, za glasi usiweke kabisa, unategesha alamu ya simu saa moja na nusu, ikilia unazishika, kama bado unaongezea nusu saa, alafu zinatoka zinahamia kwenye boksi la kutunzia baridi lenye kilo mbili za barafu na maji kidogo ya kujaza mianya. Yale maji usiyamwage, barafu tupu bila maji inagusa chupa sehemu chache tu lakini maji ya barafu yanaizunguka yote. Friza imefanya kazi ya kupoza, boksi linafanya kazi ya kutunza, na mteja anahudumiwa kutoka kwenye boksi bila wewe kugusa mfuniko wa friza.

Ngoja nikupangie siku moja nzima uone inavyokaa. Saa 1 usiku ukishafunga biashara unaingiza vifuko 12 vya nusu lita, hizo ni kilo 6. Nimesema nusu lita kwa makusudi, kifuko chembamba kilicholazwa kinaganda haraka zaidi ya mara mbili ya kile kinene cha lita moja kilichosimama, kwa sababu barafu inaanza kwa nje na ikishaanza yenyewe ndo inakua ukuta unaozuia baridi kufika katikati. Vilaze bapa, kila kimoja kiguse ukuta wa friza au sakafu yake, maana friza nyingi za kulala mabomba ya baridi yapo ndani ya zile kuta. Usipange kimoja juu ya kingine mpaka vigande. Usiku hakuna anayefungua na nje kuna unafuu wa joto kwaiyo ndo muda wako mzuri wa kazi. Kwenye saa 1 asubuhi kifinye cha katikati, usifinye cha pembeni ujidanganye, kikiwa kigumu mpaka ndani basi vyote vimeiva, vihamishie katikati ya friza, sasa unaweza kuvirundika unavyotaka. Nafasi ya ukutani imebaki wazi. Asubuhi zinaingia soda 12, zikitoka zinaingia 12 nyingine. Mchana kwenye saa 7 unaingiza vifuko 6 vya nusu lita, hizo kilo 3, zitakua tayari kabla hujalala. Umetumia 6 na 3 za soda na 3, jumla 12, mshahara umeisha na hakuna kilichoharibika.

Najua utasema vifuko 18 ni vichache wakati wewe ulikua unaweka 60. Lakini niambie, kati ya wale 60 ni vingapi uliuza vikiwa vimeganda kweli kweli? Alafu kuna faida nyingine, kifuko kilichoganda kikabaki hakikukati tena baridi, kinatunzwa tu. Siku ambazo biashara imelala endelea kugandisha vile vile 18 vyako, ukifika siku za watu wengi una akiba ya vifuko 50 au 60 vimekaa humo friza, na friza iliyojaa barafu ngumu inatulia kuliko tupu, ukifungua mfuniko haipandi joto haraka. Hapo ndo zile lita 300 zinakua na maana.

Kwenye umeme ni hivi. Angalia lebo tena kuna wati. Tuseme 150. Mashine ikinguruma masaa 24 bila kuzima ni 150 mara 24, wati-saa 3600, yani uniti 3 na pointi 6 kwa siku, na hapo ndo mwisho wake, haiwezi kula zaidi ya hapo hata uijaze vipi. Maana yake siku ulizopata maji ya baridi na siku utakazopata barafu safi unalipa karibu sawa. Kwa hesabu ya barafu tupu, kilo 12 ni vifuko 24 vya nusu lita, gawanya utaona uniti moja inakupa vifuko 6 au 7 hivi. Chukua bei ya uniti kwenu gawa kwa 6, ongeza bei ya kifuko kitupu na maji na mkaa au gesi ya kuchemshia, hiyo ndo gharama ya kifuko kimoja kabla hujafikiria faida. Ukikuta bei unayouzia inakaribia hapo, barafu sio biashara yako, afadhali friza ibaki kuhifadhi vya kuganda na kupoza soda. Usiniamini mimi kwa maneno tu lakini, soma mita saa ile ile jioni siku mbili mfululizo andika kwenye daftari, kama kuna vitu vingine nyumbani vinavyokula umeme pima pia siku moja friza ikiwa imezimwa na tupu, toa uniti za siku hiyo ndo upate za friza.

Kabla ya yote hayo geuza macho pale friza ilipokaa. Friza haitengenezi baridi, inatoa joto ndani inalitupa nje, sasa kama imebanwa ukutani au ipo kwenye stoo isiyo na dirisha ile joto inazunguka inairudia yenyewe. Ivute iache kama sentimita 10 kila upande, jua lisiipige, na usirundike magunia juu yake. Kwenye lebo pia kuna herufi ya hali ya hewa, ikiwa T imetengenezwa kwa chumba kinachofika nyuzi 43, ikiwa N mwisho wake 32 na huko kwenu itakua inateseka mchana kutwa, hiyo N ukiikuta punguza mahesabu yangu kutoka 12 hadi 8 au 9. Raba ya mfuniko ipime kwa karatasi, funga karatasi katikati uivute, ikichomoka kirahisi baridi inavuja hapo. Na theluji ya kuta ikifika unene wa nusu sentimita hamisha vitu uzime friza iyeyuke yenyewe. Kisu usikiguse kabisa. Nilishawahi kutoboa ukuta wa friza ya kwanza kwa kisu cha jikoni nikiwa na haraka ya wateja, nikasikia fyuuu, gesi yote ikaondoka na mafundi watatu wote waliniambia ule ukuta hauzibiki, friza ikawa kabati la nguo.

Friza ya pili sio wazo baya, mwambie mumeo nimemsikia. Ila subiri. Fanya mpango huu wiki mbili, kila siku andika vifuko vimeisha saa ngapi na wateja wangapi wameondoka bila. Ukiona zaidi ya siku 10 kati ya 14 vimeisha kabla ya saa 9 alasiri na walioondoka mikono mitupu wangetosha kununua vingine 18, nunua, na ukienda dukani usiulize lita, uliza ile kilo kwa masaa 24 na herufi, lita ndogo yenye kilo kubwa inakufaa kuliko lita kubwa yenye kilo ndogo. Hapo ya kwanza inabaki ya samaki na akiba, mpya inakua ya kugandisha tu. Kama daftari linaonyesha wanaondoka watatu wanne kwa siku basi hela ibaki, nunua boksi zuri la pili la soda.

Fanya kile kipimo cha vifuko viwili leo usiku, alafu niandikie lebo yako inasema kilo ngapi, herufi gani na wati ngapi, nikupigie hesabu ya friza yako yenyewe maana hii ya leo nimepiga kwa 18 ya kukisia.